Pamba Mara Saba

Jumatatu, 1 Machi

Mwalimu wa Kiswahili amenizawadia daftari hili kwa kuongoza katika insha. Ameniagiza niandike mpaka masika yaishe, hata kama ni mstari mmoja kwa siku, na mwishoni nitaje mtu wa kumshukuru. "Si lazima awe mtu mkubwa," alisema. Basi naanza na yeye. Asante, Mwalimu, kwa daftari ambalo mistari yake imenyooka kuliko mwandiko wangu.

Mvua bado. Joto tu.

Alhamisi, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha. Soksi za shule hazikukauka. Namshukuru mdogo wangu Chiriku, aliyezikalia tangu chai mpaka wakati wa kuondoka ili zipate joto.

Jumatatu, 8 Machi

Mama alirudi kutoka kazini kimya. Kwa kawaida huanza kusimulia akiwa bado mlangoni, kiatu kimoja mguuni. Leo alivua vyote viwili, akavipanga, ndipo akakaa.

Mama hufunga sabuni katika kiwanda kidogo kilicho nyuma ya karakana za magari. Wanatengeneza sabuni moja tu, ya miche, jina lake Pamba. Mafuta na magadi huchemshwa katika sufuria kubwa kama chumba chetu, uji wake humiminwa kwenye fremu za mbao, ukiganda hukatwa kwa waya, kisha kila mche hupigwa muhuri na kuanikwa kwenye chanja. Ukishakauka, Mama na wenzake wawili huufunga karatasi na kuutia kwenye katoni.

"Ghala limejaa mpaka juu," alisema Mama. "Watu hawafui mvua ikinyesha. Na sabuni ikikaa na unyevu huu inatoa jasho, karatasi inashika madoa. Tajiri kasema mvua zikiisha na ghala bado liko hivi, anazima sufuria."

"Na nyinyi mnaofunga?"

"Sufuria ikizimwa tutafunga nini, mwanangu? Upepo?"

Chiriku akacheka, Mama naye akacheka, mimi nikashindwa. Nimshukuru nani leo? Mama, kwa kutuchekesha.

Jumatano, 10 Machi

Tajiri ameamua kutangaza redioni. Amelipia nafasi mpaka mwisho wa Mei, tangazo la nusu dakika, asubuhi na jioni. Sasa anatafuta wa kumtungia wimbo. Mama akamwambia, "Nina binti anaongoza kwa insha." Nimemwuliza kwa nini alisema hivyo. Ameniambia kwamba mdomo ulimtangulia.

Jumamosi, 13 Machi

Leo nilikwenda kiwandani. Tajiri ni mzee mnene, miwani ameifunga kwa uzi, na huita kila mtu "ndugu yangu", hata paka. Alikuwa na Fundi wa studio, kijana mwembamba anayepigapiga vidole mezani kila anapowaza.

Fundi alinieleza kazi ilivyo, nami niliandika kila neno. Tangazo halizidi sekunde thelathini. Likizidi, redio wanalikata hata kama umefika katikati ya jina. Sekunde sita za mwisho ni za mtangazaji kusema maneno makavu, bila kuimba. Zinabaki ishirini na nne. Mstari wenye mizani kumi na mbili, ukiimbwa kwa mwendo wa kutembea, huchukua sekunde tatu. Kwa hiyo mistari minne, iimbwe mara mbili, basi.

"Na vina viwe vyepesi," alisema. "Mtu anakusikiliza huku anakaanga vitunguu. Hana nafasi ya kufikiri."

Tajiri akatoa karatasi mfukoni, iliyokunjwa mara nyingi. "Mimi nimejaribu, ndugu yangu. Usinicheke." Ilikuwa imeandikwa: Sabuni ni Pamba. Pamba, Pamba, Pamba.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nini? Ndiyo imeisha."

Nilijizuia nisitabasamu. Hata mtoto wa chekechea angeandika hivyo. Niliikunja karatasi yake kwa adabu nikaitia katika daftari hili. Namshukuru Tajiri kwa kuniamini, ingawa hana sikio la ushairi.

Jumapili, 14 Machi

Nimeandika siku nzima. Mwalimu ametufundisha kwamba neno likirudiwa ovyo huichosha insha, na kwamba kutumia neno lilelile kuwa kina ni uvivu. Kila nilipoandika "Pamba" mara ya pili nilisikia kalamu yake nyekundu. Nikafuta, nikafuta, mpaka ikabaki moja. Huu ndio wimbo:

Loweka, fikicha, suuza, anika,
Loweka, fikicha, suuza, anika,
Hata doa lolote litaondoka,
Sabuni ya Pamba, nguo zapendeka.

Mtangazaji: "Sabuni ya Pamba. Mche mmoja, ndoo nzima ya nguo."

Mstari wa kwanza ulikuja wenyewe nikimtazama Mama akifua. Mikono yake ndiyo iliyouhesabu, tatu, tatu, tatu, tatu, na huo pekee nikauacha urudi, kama mikono inavyorudi. Asante, mikono ya Mama.

Alhamisi, 18 Machi

Redio wameurudisha mstari wa tatu. Bibi anayepokea matangazo amemwambia Tajiri kwa simu kwamba huwezi kuahidi "doa lolote" kama huna cheti kwamba umepima kila doa duniani. Tajiri akaniuliza tufanyeje. Mama akaingilia, "La mchuzi wa jana linatoka, nimelitoa mwenyewe. La kutu halitoki, tusidanganyane." Basi nikaandika: Na doa la jana leo latoweka. Nimehesabu, ni kumi na mbili kamili, na ni la kweli. Hata kina kimekuwa kizuri kuliko cha kwanza. Namshukuru yule bibi wa redio ingawa sijamwona.

Jumamosi, 20 Machi

Tumerekodi. Studio ya Fundi ni chumba kimoja chini ya bati, kuta zimebandikwa trei za mayai na mablanketi ili sauti isirudi. Aliyeimba ni mwimbaji wa harusi, koti linang'aa. Alilivuta kila neno mpaka Fundi akamwambia, "Kaka, hapa hakuna bibi harusi. Ukisema 'anika' acha iende."

Kilichotuchelewesha ni mvua. Kila ikianza, bati lilinguruma na Fundi aliinua mkono, sote tukanyamaza tukitazama dari. "Mvua haisomi kibao cha kimya," alisema. Tulirekodi mvua moja ilipokatika, kabla ya nyingine kuanza.

Tajiri aliusikiliza wimbo mara tatu. Mwishoni akauliza taratibu, "Jina langu la sabuni... halijawa dogo kidogo?" Nikamweleza habari za kurudia maneno. Alivua miwani, akaifuta. "Wewe ndiye uliyesoma, ndugu yangu," akasema.

Jumatatu, 22 Machi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama ameshika redio kama anayeshika mtoto mchanga. Umepigwa. Chiriku aliurudia wote kabla mtangazaji hajamaliza. Nashukuru. Leo nawashukuru wote.

Jumamosi, 27 Machi

Wasichana wa darasa la Chiriku wanaupigia makofi: wawili wawili, mkono juu, mkono chini. Loweka, fikicha. Nimepita mbele yao mara mbili bila sababu.

Jumanne, 30 Machi

Kondakta ameuimba kituoni. Fundi viatu ameuimba akigonga kisigino. Mwalimu ameniita mbele ya darasa na wenzangu wamenipigia makofi. Nilikosa pa kuweka mikono.

Ijumaa, 2 Aprili

Mvua siku tatu mfululizo. Chiriku anaimba akioga. Anaimba akila. Mama kamwambia, "Ukilala ukiimba nakutoa nje." Akalala akiimba.

Jumatatu, 5 Aprili

Nimemwuliza Mama kama ghala limepungua. Amesema, "Bado watu hawajazoea." Lakini hakunitazama.

Jumatano, 7 Aprili

Leo nitaandika sana.

Mama alinituma chumvi. Duka la kona lilikuwa na watu waliojibanza kukwepa mvua. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja mwenye mwavuli uliovunjika kijiti.

"Nipe ile sabuni," alimwambia Mwenye duka.

"Ipi?"

"Hiyo ya loweka-fikicha."

"Ahaa, ya redioni." Mwenye duka hata hakugeuka. Alinyoosha mkono kwenye rafu ya kiunoni, akachukua mche wa buluu. Si yetu. Pamba ni nyeupe.

Yule mama akalipa, akaweka mche kwapani, akaondoka akiimba. Loweka, fikicha, suuza, anika. Wimbo wangu ulikuwa mdomoni na sabuni ya watu ilikuwa kwapani.

Nilisimama pale mpaka Mwenye duka akauliza, "Na wewe binti, unanunua au unahesabu matone?"

"Shikamoo," nikasema. "Ile sabuni ya redioni ni Pamba."

"Marahaba. Ni Pamba? Kumbe." Alicheka bila ubaya. "Mimi nilidhani ni hii. Wanakuja wanaimba, nami nawapa iliyo karibu na mkono. Hakuna hata mmoja aliyeirudisha."

"Wanakuja wengi?"

"Wengi sana. Huo wimbo umeniuzia buluu mpaka nimeagiza nyingine. Aliyeutunga Mungu ambariki."

Pamba ilikuwa rafu ya juu kabisa, nyuma ya viberiti. Nilinunua chumvi, nikarudi nimelowa, na mwavuli wangu ulikuwa mkononi, haukufunguliwa.

Sikuwa nimeyafikiri haya. Watu wanaushika mstari wa kwanza kwa sababu umerudiwa na una mdundo wa makofi. Lakini ndani ya mstari huo jina halimo. Jina lipo mara moja tu, katikati ya mstari wa mwisho, mahali ambapo mwimbaji anavuta pumzi. Kisha linasemwa kavu na mtangazaji, wakati ambapo watu wameshaanza kuurudia wimbo wenyewe kwa sauti. Nimewapa watu kamba nzuri ya kuvutia, nikasahau kuifunga kwenye mzigo.

Nilimweleza Mama. Alisikiliza huku akipepeta mchele. Nilitaka anikaripie. Alisema, "Kumbe ndiyo hiyo. Sisi tulidhani sabuni yetu mbaya." Na uso wake ukalegea, kama mtu aliyeambiwa kwamba mgonjwa wake si mgonjwa sana.

Namshukuru Mwenye duka. Ni vigumu kuandika hivyo, lakini bila yeye nisingejua.

Alhamisi, 8 Aprili

Baada ya shule nilikwenda kwa Tajiri. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kuomba radhi, nikayasahau yote, nikamwambia tu habari ya mche wa buluu.

Aliniangalia juu ya miwani. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. "Nimemlipia jirani matangazo," alisema. "Mimi. Kwa fedha yangu. Ndugu yangu, hata mama yake mzazi hajamfanyia hivyo."

Lakini alipomaliza kucheka alionekana amechoka. Nilipitia ghalani kumngoja Mama. Katoni zimepangwa kuta zote mpaka kwenye zege la dari, njia ni ya mtu mmoja kwa ubavu. Mama alikuwa anafungua zilizo chini, anapangusa miche jasho kwa kitambaa, anaifunga upya. Wenzake walikuwa wanafanya vivyo hivyo: Mama Kicheko, anayecheka hata akipiga chafya, na yule wanayemwita Besi kwa sauti yake nzito. Walikuwa wanaupangusa mzigo uleule walioupangusa juzi.

Tajiri alipiga simu redioni. Wanaruhusu kubadilisha tangazo mara moja tu, na lipya liwafikie kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo jioni. Likichelewa, la zamani litaendelea mpaka mwisho wa Mei.

Ijumaa, 9 Aprili

Nilimwuliza Mwalimu kama alinifundisha vibaya. Niliuliza kwa woga, tena nikakosea kuuliza, ikasikika kama lawama.

Hakukasirika. "Nilikufundisha insha," alisema. "Insha inasomwa na mtu aliyekaa. Wimbo unasikilizwa na mtu aliyeinama juu ya beseni. Kwenye insha, neno likirudi, msomaji anajua uliishiwa. Kwenye wimbo, neno lisiporudi, msikilizaji hajui kama lilipita." Akafungua kitabu chetu, kurasa mbili tu mbele ya pale tulipoishia. Takriri. Kurudia kwa makusudi.

"Tungefika huko wiki ijayo," alisema. "Mvua haikutungoja."

Namshukuru tena. Najua nilimtaja siku ya kwanza, lakini hakuna aliyesema watu wasirudiwe.

Jumapili, 11 Aprili

Nilianza kwa kuutupa mstari wa kwanza. Chiriku alikataa. "Huo ndio wenyewe," alisema. "Ukiuondoa sisi tutapigia makofi nini?" Ni kweli. Usitupe kitu ambacho watu wameshakishika. Basi nikaukata vipande viwili na kulipenyeza jina katika kila kipande. Loweka na Pamba. Hiyo ni sita. Fikicha na Pamba. Sita nyingine. Nilihesabu kwa vidole mara kadhaa kwa kutoamini.

Kisha kina. Mwanzo nilikwepa -amba kwa kuwa jina ndilo linaloishia hivyo. Sasa nataka kila mstari urudi nyumbani kwenye jina. Mama alikuwa anakaza kamba ya nguo barazani. "Kamba," nikasema. Akadhani namwita. Na mstari wa tatu nimeuandika kwa ajili ya duka la kona.

Wa nne ulinishinda mpaka jioni. Nilitaka kitu kizuri cha kufungia. Nikafungua daftari hili kutafuta ukurasa safi, ikadondoka karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Nikaisoma. Nikaihesabu kwa vidole. Sita, na sita.

Loweka na Pamba, fikicha na Pamba,
Suuza, anika, nguo kwenye kamba,
Ukenda dukani, wewe sema Pamba,
Sabuni ni Pamba. Pamba, Pamba, Pamba.

Jina mara saba. Doa la jana nimeliacha, halina nafasi, na mtangazaji atalisema. Mstari bora si wangu. Asante, Tajiri. Sikio unalo.

Jumanne, 13 Aprili

Mwimbaji wa harusi amesafiri. Mvua.

Jumatano, 14 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 15 Aprili

Mvua. Tulikaa studioni kwa Fundi kuanzia saa tisa mpaka giza, tukingoja mwimbaji arudi na mvua ikatike. Bati halikunyamaza hata kwa muda wa mstari mmoja. Fundi alijaribu kuweka magodoro juu ya dari. Ikasikika kama mtu anakaanga ndani ya godoro. Kesho ndiyo Ijumaa.

Tulipotoka, Mama alisema, "Pale kwetu ghalani huwa hatujui kama mvua inanyesha. Tunajua tukitoka." Alisema tu, akijifunika kanga kichwani. Fundi akasimama katikati ya dimbwi.

"Dari la nini?"

"La zege. Sabuni haitaki kuvuja."

"Na kuta?"

"Kuta huzioni. Ni katoni tupu. Namaanisha, zimejaa."

Fundi alianza kupigapiga vidole kwenye paja lake.

Ijumaa, 16 Aprili

Mwalimu aliniruhusu kuondoka baada ya kipindi cha mchana. Nilikimbia.

Fundi alikuwa amebeba vyombo vyake kwenye mfuko wa plastiki chini ya koti. Aliingia ghalani, akapiga kofi moja, akasikiliza. Kofi lilikufa palepale, kama limeangukia mto. Akapiga tena. "Trei zangu za mayai aibu tupu," alisema. "Hapa sauti haina pa kurudi." Shehena yote ambayo haikununuliwa ilikuwa imesimama kutuzunguka, mabega kwa mabega, inaizuia mvua.

Ilibaki sauti ya kuimba. Mwimbaji hayupo. Fundi aliwatazama wale watatu waliokaa juu ya katoni na vitambaa vyao mikononi.

"Nyinyi mnafua?" akauliza.

"Kwani unadhani nguo hizi alifua nani?" alijibu Besi.

"Basi imbeni kama mnafua."

Mama alisema hawezi, ana mafua, sauti yake ya jikoni, watu watamcheka. Mama Kicheko alishaanza kucheka. Nilimshika Mama mkono. Vidole vyake vilikuwa laini kwa sabuni na vina mikunjo, kama vya mtu aliyekaa majini sana. Nikamwambia wimbo huu tangu mwanzo ulitoka hapo, kwenye mikono yake, mimi niliuandika tu. Alikikunja kitambaa chake. "Maneno unayo," alisema. "Haya. Nani anatoa mwendo?"

Mwendo waliutoa wenyewe. Walifikicha vitambaa juu ya katoni, fi-ki-cha, fi-ki-cha, na Fundi akasogeza kipaza sauti chini ili kiushike mlio huo. Mara ya kwanza walikwenda haraka, ikawa sekunde ishirini na moja. Mara ya pili Mama Kicheko alicheka kwenye "kamba". Mara ya tatu Besi alisahau mstari akaimba "loweka na Bamba", na hapo hata Tajiri aliyekuwa mlangoni alitoka nje kucheka. Mara ya tano, sijui kilitokea nini. Waliacha kutazama kipaza sauti, wakatazamana. Mama aliongoza, wenzake wakaitikia, na Pamba tatu za mwisho ziliteremka moja moja kama ngazi. Fundi aliinua saa yake: ishirini na nne.

Mtangazaji naye hatukuwa naye. Tajiri alisema maneno makavu mwenyewe: "Doa la jana, leo halipo. Sabuni ya Pamba, mche mweupe." Alisema kama anayemwambia ndugu yake. Ilibidi arudie mara moja tu, kwa kuwa alivuta pumzi kwa nguvu.

Kanda ilifika redioni kukiwa bado kuna mwanga. Nilimwona yule bibi wa matangazo kwa mara ya kwanza. Ni mwembamba na ana macho makali. Alisikiliza, akaandika, akasema, "Hili sina la kurudisha." Kisha, nilipokuwa mlangoni, nikamsikia anauimba wimbo kwa sauti ya chini.

Leo siwezi kuchagua mtu mmoja.

Jumatatu, 19 Aprili

Umepigwa. Mama alifunika uso kwa kanga aliposikia sauti yake, na aliufunua kwenye Pamba ya mwisho.

Ijumaa, 23 Aprili

Makofi ya shuleni yamebadilika. Sasa wanapiga mapaja mara tatu mwishoni, Pamba, Pamba, Pamba, na anayekosea anatoka.

Jumatano, 28 Aprili

Nilitumwa sukari. Kulikuwa na baba mmoja na mtoto mgongoni. "Sabuni," alisema, na kabla Mwenye duka hajanyoosha mkono, mtoto akasema, "Wewe sema Pamba." Baba akasema Pamba. Mwenye duka alipanda kigoda, akaondoa viberiti, akaishusha. Alinitazama. "Haya, binti. Kesho nitaihamishia hapa chini, miguu yangu inauma." Namshukuru mtoto wa mgongoni.

Jumanne, 4 Mei

Mtihani wa hesabu. Mvua asubuhi tu.

Jumatatu, 10 Mei

Mama amesema sasa njia ya ghalani ni ya watu wawili.

Alhamisi, 20 Mei

Jua. Kila ua una nguo. Kutoka shuleni hadi nyumbani nimepita chini ya kamba za watu nimeinama kama askari.

Jumamosi, 29 Mei

Mwalimu alisema niandike mpaka masika yaishe, na leo anga ni safi tangu alfajiri. Nilimpelekea Mama chakula cha mchana. Nilisikia sufuria kubwa inachemka kabla sijafika mlangoni, na Tajiri anamwambia paka, "Ndugu yangu, ondoka hapo utaungua."

Ghalani hapakuwa na kitu. Zilibaki katoni chache pembeni, za kupakiwa jioni, na miche ya wiki hii bado iko kwenye chanja. Niliona kuta kwa mara ya kwanza. Zimepakwa rangi ya kijani. Hata Mama alikuwa amesahau. Watatu wao walikuwa sakafuni, wanafagia vipande vya karatasi, na Tajiri ameshawaambia waje Jumatatu kama kawaida, waje na mtu wa nne, kazi imezidi.

"Fundi angelia," alisema Mama Kicheko. "Studio yake imeuzwa yote."

"Hebu tuimbe tuone," alisema Besi.

Mama aliweka ufagio ukutani. Hakusema habari za mafua wala za jikoni. Akaanza, loweka na Pamba, nao wakaitikia, nami pia, na sauti zetu zilipanda mpaka kwenye zege zikazunguka. Tulipofika mwisho tulinyamaza pamoja. Mara saba zilikuwa zetu. Ghala tupu likajibu lenyewe, polepole, mara ya nane: Pamba.

Namshukuru Mama.